Mgao namba 11982, na mtu mmoja aliyetoa mafumbo 32,000

Waliopita kwenye saiba za Nairobi, Mombasa au Kisumu enzi za Windows 98 wanaijua FreeCell. Ilikuwa imetulia pale kwenye menyu ya michezo pamoja na Solitaire na ule mchezo wa mabomu, Minesweeper. Ukiifungua unapewa mgao wa karata wenye namba. Ukitaka mgao mwingine unaandika namba yako mwenyewe, kuanzia 1 hadi 32000, na rafiki yako akiandika namba ile ile kwenye kompyuta nyingine anapata karata zile zile, kwa mpangilio ule ule.

Mafumbo 32,000. Swali la leo ni nani aliyakaa chini akayapanga, na jibu ni kwamba hakuna. Historia ya namba hizo inafaa kujulikana na yeyote anayeandika mchezo mdogo wa mafumbo peke yake na kushtuka anapopiga hesabu ya mafumbo anayotakiwa kutengeneza. Inaonyesha kwamba kuzalisha mafumbo kwa mashine ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua kama ulichozalisha kinatatulika.

Tuanze mwaka 1978. Wakati huo Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO, na wanafunzi waliutumia kucheza pia, kama wanafunzi wa kila mahali. Mmoja wao, Paul Alfille, aliuchukua mchezo wa karata wa zamani unaoitwa Baker's Game na kubadilisha kanuni moja. Katika mchezo wa zamani karata zilipangwa juu ya nyingine za aina moja: shupaza juu ya shupaza, kopa juu ya kopa. Alfille akasema zipishane rangi, nyekundu juu ya nyeusi na nyeusi juu ya nyekundu. Nafasi nne huru za kuegesha karata zilibaki.

Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini shikilia hapo. Katika Baker's Game, takriban robo ya migao haitatuliki hata ucheze kwa akili kiasi gani. Rangi zikipishana, kila karata inapata karata mbili za kukalia badala ya moja, na migao isiyotatulika inakuwa adimu mno. Karata zote ziko wazi tangu mwanzo, hakuna kinachofichwa. Kwa hiyo bila kukusudia Alfille alikuwa ameunda mchezo ambao unaweza kuchanganya karata ovyo, ukampa mtu, na karibu kila mara ukawa umempa fumbo halali.

Mtu wa pili ni Jim Horne. Yeye aliuonja mchezo huo kwenye PLATO ya Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, akaandika toleo lake la DOS, kisha alipokuwa Microsoft akaandika la Windows. Lilitoka kwenye mkusanyiko wa michezo wa kampuni hiyo mwaka 1991, na tangu Windows 95 likawa linakuja ndani ya kompyuta yenyewe. Namba 1 hadi 32000 ni za toleo hilo.

Ndani ya programu ya Horne hakukuwa na orodha ya migao 32,000. Kulikuwa na mistari michache ya msimbo, na namba unayoandika ndiyo inayoiwasha. Namba hiyo huitwa mbegu. Programu hiyo haina nasibu ya kweli. Inachukua mbegu, inaizidisha, inaijumlisha, inapata namba nyingine inayoonekana ya ovyo, kisha inairudia kazi hiyo kwa namba mpya. Mbegu ile ile itazaa mfuatano ule ule leo na miaka mia ijayo. Kanuni nzima ukiiandika kwa Python inakaa hivi:

```python
def gawa(mbegu):
    kadi = list(range(52))
    mgao = []
    while kadi:
        mbegu = (mbegu * 214013 + 2531011) % 2**31
        i = (mbegu >> 16) % len(kadi)
        kadi[i], kadi[-1] = kadi[-1], kadi[i]
        mgao.append(kadi.pop())
    return mgao
```

Hebu tuifanye kwa mkono kwa mgao namba 1, ili isionekane uchawi. Karata zimepewa namba 0 hadi 51. Namba 0 ni ree (ile yenye herufi A) ya pau, 1 ni ree ya uru, 2 ree ya kopa, 3 ree ya shupaza, 4 ni mbili ya pau, na kuendelea hivyo nne nne hadi mfalme wa shupaza.

Mbegu ni 1. Zidisha kwa 214,013 na ujumlishe 2,531,011, unapata 2,745,024. Ile `>> 16` maana yake gawanya kwa 65,536 na utupe sehemu iliyobaki: unapata 41. Karata bado ni 52, na 41 ikigawanywa kwa 52 inabaki 41. Karata ya 41 ni J ya uru, na hiyo ndiyo inayokaa juu kabisa ya safu ya kwanza. Nafasi yake inachukuliwa na karata ya mwisho kwenye orodha, na sasa zimebaki 51. Mzunguko wa pili unatoa 18,467, ambayo ikigawanywa kwa 51 inabaki 5. Karata ya 5 ni mbili ya uru, nayo inaenda safu ya pili. Ukiendelea hadi karata zikwishe, safu nane zimejaa: nne za mwanzo zina karata saba saba, nne za mwisho sita sita. Ukiwa na programu yoyote inayofuata namba za Horne, fungua mgao 1 na uangalie. Safu ya kwanza itaanza na J ya uru, ya pili na mbili ya uru.

Basi hapo mtu mmoja ameshatoa mafumbo 32,000 kwa msimbo unaoenea kwenye ukurasa mmoja. Kilichobaki ni lile swali gumu: yote yanatatulika? Maelezo ya msaada yaliyokuja na mchezo yalisema kwamba inaaminika kila mgao unaweza kushindwa, ingawa haijathibitishwa. Yalisema ukweli, lakini yalimwachia mchezaji mzigo. Mtu aliyekwama kwenye mgao kwa siku tatu hana njia ya kujua kama yeye ndiye hajaona njia, au njia yenyewe haipo. Na mchezaji akishaanza kushuku kwamba fumbo ni bovu, anaacha kufikiri. Anafungua jingine.

Mwaka 1994 Dave Ring aliamua swali hilo lijibiwe. Aliwakusanya watu wa kujitolea kupitia mtandao, zaidi ya 100, akawagawia migao mia mia. Kila mmoja alicheza mia yake hadi mwisho. Migao iliyomshinda mtu mmoja ilipelekwa kwa wengine, na iliyowashinda hao ikapelekwa kwa wachezaji hodari zaidi. Idadi ya iliyobaki ikazidi kupungua, na mwaka 1995 ukabaki mgao mmoja ambao hakuna aliyeuweza: 11982.

Baadaye programu za kutatua, zinazojaribu kila njia iwezekanayo bila kuchoka, ziliuchunguza mgao huo na kuthibitisha kwamba kweli hauna jibu. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 migao iliongezwa hadi 1,000,000, na kati ya hiyo yote inayojulikana kutotatulika ni 8 tu, ule 11982 ukiwemo.

Ni rahisi kusoma hadithi hii ukasema: unaona, changanya ovyo, mambo yatajipa. Hapana. Mambo yalijipa kwa sababu ya ile kanuni ya rangi kupishana ya mwaka 1978. Kama Horne angechukua Baker's Game na kutumia msimbo ule ule, herufi kwa herufi, maelfu ya migao yake yangekuwa mabovu. Sasa fikiria mchezo wa kusukuma masanduku ghalani hadi yafike kwenye alama zake. Sanduku likisukumwa kwenye kona halitoki tena. Ukiyamwaga masanduku na kuta ovyo, sehemu kubwa ya utakachopata hakichezeki kabisa. Mchezo wako uko upande upi, huwezi kujua kwa kuutazama. Unapaswa kuupima, na chombo cha kupimia ni programu ya kutatua.

Hapo ndipo historia inaingia hatua ya pili, na mfano wake nauchukua kwa Simon Tatham wa Uingereza. Jina hilo mafundi wa mitandao wanalijua, maana ndiye aliyeandika PuTTY, ile programu ya kuingilia seva kwa mbali. Mwaka 2004 alianza mkusanyiko wa michezo midogo ya mafumbo, msimbo wake ukiwa wazi kwa kila mtu. Michezo hiyo haina mafumbo yaliyohifadhiwa. Kila unapobonyeza mchezo mpya, fumbo linazalishwa pale pale. Hakuna kundi la watu wa kujitolea litakalolipitia kabla yako, kwa hiyo kazi waliyoifanya watu wa Dave Ring lazima ifanywe na programu yenyewe, ndani ya sekunde.

Mfano mzuri zaidi ni toleo lake la mchezo wa mabomu. Minesweeper ya Windows, iliyotoka mwaka 1990 kwa mkono wa Robert Donner na Curt Johnson, iliyatawanya mabomu ovyo. Kwenye kiwango kigumu ni mabomu 99 katika visanduku 480. Wachezaji wake wanaujua uchungu huu: umefikiri kwa dakika kumi, umefungua karibu uwanja mzima, kisha unafika kwenye kona kama hii, ukuta ukiwa kulia na chini, na kushoto kote kumeshafunguliwa:

```
X X
3 ?
1 ?
```

Alama `X` ni mabomu mawili uliyokwisha kuyajua. Ile 3 inagusa mabomu hayo mawili pamoja na visanduku vyote viwili vilivyofungwa, kwa hiyo inasema bomu moja limo kati ya hivyo viwili. Ile 1 nayo inasema jambo lile lile. Hata ukijua limebaki bomu moja tu uwanjani, haikusaidii. Unarusha shilingi, na mara moja kati ya mbili dakika zako kumi zinalipuka.

Tatham alitaka mchezo usio na kurusha shilingi hata mara moja. Kwanza, uwanja hauzalishwi mpaka uwe umebonyeza kisanduku cha kwanza, kwa sababu programu inahitaji kujua utaanzia wapi. Kisha inatawanya mabomu ovyo, ikiepuka hapo ulipobonyeza na majirani zake. Halafu inakaa kwenye kiti chako na kuucheza uwanja huo wenyewe, bila kuchungulia, ikitumia mantiki tu. Inatazama namba na visanduku vilivyofungwa pembeni yake. Mabomu yote ya namba hiyo yakiwa yameshajulikana, visanduku vingine ni salama. Mabomu yaliyobaki yakilingana na idadi ya visanduku, vyote ni mabomu. Hizo mbili zikishindwa, inalinganisha namba zinazochangia visanduku na kuona tofauti zao zinasema nini. Mwishowe inatazama jumla ya mabomu yaliyobaki.

Ikifika mwisho bila kukwama, uwanja ni mzuri na unapewa wewe. Ikikwama, njia ya moja kwa moja ingekuwa kuutupa uwanja na kuanza upya. Kwa uwanja mdogo wenye mabomu machache hilo linawezekana. Kwa uwanja mkubwa uliosongamana, karibu kila uwanja una mahali pa kukwama, na ungetupa na kutupa huku mchezaji akisubiri.

Kwa hiyo Tatham hautupi. Anaurekebisha pale pale ulipokwama. Programu inachagua kundi la visanduku linaloleta utata, kama vile viwili vyetu vya konani, na ama inavijaza mabomu vyote ama inavitoa mabomu yote. Ili idadi ya mabomu isibadilike, bomu linaletwa kutoka, au linapelekwa, mahali pengine, hasa sehemu ambayo bado haijaguswa na namba yoyote iliyofunguliwa. Tuseme imevijaza: ile 1 inakuwa 2, ile 3 inakuwa 4, na sasa namba 2 yenye visanduku viwili tu vilivyofungwa haina utata wowote. Programu inaendelea kucheza kutoka hapo, ikikwama tena inarekebisha tena.

Jambo ambalo wengi wangelisahau ni linalofuata. Rekebisho la baadaye linaweza kuharibu hoja iliyotumika mapema, kwa sababu namba zimebadilika. Kwa hiyo ikifika mwisho, programu haiamini kazi yake. Inaucheza uwanja upya tangu mbonyezo wa kwanza. Ikihitaji tena marekebisho, lazima yawe machache kuliko awamu iliyopita, la sivyo uwanja unatupwa na kazi inaanza upya. Uwanja unakubaliwa tu ukichezwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila rekebisho hata moja. Na wewe mchezaji huoni lolote kati ya haya. Unaona kisanduku chako cha kwanza kimefunguka.

Njia hii ina mipaka yake. Wa kwanza ni kwamba programu ya kutatua ndiyo inayoamua mchezo wako una ladha gani. Inakubali tu mafumbo ambayo yenyewe inayaweza. Ukiipa hoja mbili rahisi, mafumbo yako yote yatatatulika kwa hoja mbili rahisi, na mchezaji atachoka kufikia la ishirini. Ukiipa uwezo wa kujaribu kila njia kwa nguvu za kompyuta, itakubali mafumbo ambayo binadamu hawezi kuyatatua bila kubahatisha. Ugumu unaupanga humo: andika hoja zako kwa ngazi, na fumbo lihesabiwe kuwa gumu pale linapokwama kwa hoja za chini na kupita kwa hoja za juu. Migao ya Horne haikuwa na kipimo hicho. Namba 5 haikuwa rahisi kuliko namba 5000, na mchezaji mgeni angeweza kuangukia mgao mgumu siku ya kwanza.

Wa pili unahusu mbegu. Namba 1 ya FreeCell imebaki kuwa J ya uru kwa miongo kadhaa kwa sababu kanuni haikuguswa. Ukibadilisha mstari mmoja kwenye kizalishaji chako, hata kama ni kukiboresha, mbegu ya jana inazaa fumbo jingine leo, na mchezaji aliyemtumia mwenzake namba ataonekana mwongo. Tatham alilitenganisha hili vizuri. Fumbo lake linaweza kuandikwa kwa mbegu, baada ya alama `#`, au kwa maelezo kamili ya uwanja, baada ya alama `:`. Maelezo yake yanasema wazi kwamba mbegu haina hakika ya kutoa fumbo lile lile kwenye toleo jingine la programu. Maelezo kamili ya uwanja ni marefu zaidi, lakini hayategemei kizalishaji.

Wa tatu ni wa hesabu. Tuseme umezalisha mafumbo 1,000, ukayapitisha kwenye programu ya kutatua, na yote yametatulika. Usiseme kizalishaji chako hakikosei. Majaribio 1,000 bila kosa yanakuruhusu kusema tu kwamba, kwa uhakika wa asilimia 95, mabovu hayazidi takriban 3 kwa kila 1,000. Kwa migao 32,000 hiyo ni nafasi ya mabovu kama 96 kujificha, na hata lile moja la Horne lingepita bila kuonekana. Kama programu yako ya kutatua ni ya haraka, usipime sampuli. Pitisha kila fumbo kabla halijamfikia mchezaji. Kama ni ya polepole, zalisha usiku kwenye mashine yako, hifadhi mbegu zilizopita, na uutoe mchezo ukiwa na orodha ya mbegu hizo tu. Mbegu 500 ni namba 500, hazijazi hata kilobaiti chache.

Kwa anayeanza leo, basi, mpangilio ni kinyume cha unavyovutia. Kizalishaji kinavutia kuandikwa kwanza, maana kinaonyesha matunda mapema. Andika programu ya kutatua kwanza. Ipe mafumbo kumi uliyoyaunda kwa mkono, matano unayojua yanatatulika na matano uliyoyaharibu makusudi, uone kama inayatofautisha. Kisha kizalishaji chochote utakachobandika mbele yake, hata kile cha mistari tisa, kitakuwa na wa kukikagua.

Na ukipata programu ya FreeCell yenye namba za zamani, fungua 11982 uicheze kidogo. Mwanzoni inaonekana mgao kama mingine yote. Karata zote 52 ziko wazi mbele yako, na hakuna kitu chochote juu yake kinachokuonya.